Mihimili miwili kwenye grafu za matangazo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuandaa ripoti za matangazo ya mtandaoni kwa biashara ndogo na za kati. Ripoti nyingi ninazokabidhiwa niziendeleze zina grafu ya aina moja: mstari wa pesa iliyotumika ukisomwa kwenye mhimili wa kushoto, mstari wa oda ukisomwa kwenye mhimili wa kulia, na yote miwili ikipanda pamoja. Mwenye biashara akiiona anafurahi na kuongeza bajeti. Nimeshuhudia watu wakipoteza mtaji kwa sababu ya grafu hiyo, ndiyo maana nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa kuihusu na majibu ninayoyatoa.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja tu. Ni duka la mashuka na mapazia linalotangaza mtandaoni na kupokea oda kwa WhatsApp. Namba ni za mfano na nimezilainisha ili hesabu ifuatike kirahisi, ila sura yake ndiyo ninayokutana nayo kazini kila mara. Kila oda inaliachia duka faida ya shilingi 12,000 kabla ya kutoa gharama ya tangazo.

| Wiki | Matumizi ya tangazo (sh) | Oda |
|---|---|---|
| 1 | 200,000 | 40 |
| 2 | 220,000 | 42 |
| 3 | 250,000 | 45 |
| 4 | 300,000 | 48 |
| 5 | 340,000 | 50 |
| 6 | 400,000 | 52 |
| 7 | 450,000 | 53 |
| 8 | 500,000 | 54 |

## Mihimili miwili ina ubaya gani hasa? Namba si ni zile zile?

Namba ni zile zile. Lakini msomaji wa grafu hasomi namba. Anaangalia mistari: upi uko juu, upi unapanda kwa kasi, inakutana wapi. Ukiwa na mihimili miwili, mambo hayo matatu yanaamuliwa na aliyechora, na data yenyewe haina neno.

Chukua jedwali la hapo juu. Weka mhimili wa kushoto uanzie 200,000 na uishie 500,000, wa kulia uanzie 40 na uishie 54. Programu nyingi huchora karibu hivyo zenyewe, kwa kuwa hutanua kila mhimili hadi data ijaze nafasi. Mistari yote miwili itaanzia kona ya chini kushoto na kumalizikia kona ya juu kulia. Katikati, mstari wa oda utapita juu ya mstari wa pesa. Mtu yeyote atasema oda zinakwenda sambamba na matumizi, tena zimetangulia kidogo.

Sasa rudi kwenye jedwali. Matumizi yamepanda kutoka 200,000 hadi 500,000, yaani mara mbili na nusu. Oda zimepanda kutoka 40 hadi 54, ongezeko la asilimia 35. Hakuna usambamba wowote hapo. Ulitengenezwa na mhimili wa kulia kubanwa kati ya 40 na 54.

## Nikianzisha mihimili yote miwili kwenye sifuri, si nitakuwa nimemaliza tatizo?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolijibu kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu watu makini ndio wanaoliuliza.

Acha mhimili wa kushoto uende kutoka 0 hadi 500,000. Usiuguse tena. Mhimili wa kulia nao uanzie 0, ila jaribu vilele vitatu tofauti.

Kilele kikiwa 100, mistari inaanza mahali pamoja wiki ya kwanza, kisha pesa inapaa na oda zinabaki chini. Msomaji ataona matangazo yamefeli tangu mwanzo. Kilele kikiwa 80, oda zinaanza juu ya pesa na mistari inakatana wiki ya nne kamili. Msomaji ataona kwamba kuna jambo lilitokea wiki ya nne, na mkutanoni ataulizwa mtu: "Wiki ya nne mlibadilisha nini?" Kilele kikiwa 60, mistari inakatana kati ya wiki ya sita na ya saba. Maelezo yatahamia huko.

Grafu zote tatu zinaanzia sifuri. Zote zina namba sahihi. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, na bado kuna hadithi tatu. Mahali mistari inapokatana hapana maana yoyote, kwa sababu shilingi 300,000 na oda 48 si vitu vinavyoweza kulingana. Huwezi kusema pesa "imezipita" oda, kama usivyoweza kusema kilo imeipita lita.

Kuanzia sifuri kunasaidia jambo moja tu: mwinamo wa kila mstari hautiwi chumvi dhidi ya msingi wake wenyewe. Uhusiano kati ya mistari miwili unabaki mikononi mwa mchoraji.

## Basi nichore nini badala yake?

Kwanza jiulize msomaji anataka kuamua nini. Kwenye matangazo, pesa na oda zinapowekwa pamoja, swali la mwenye duka karibu kila mara ni moja: je, pesa ninayoongeza inanirudishia faida? Hilo lina grafu zake, na zote zina mhimili mmoja.

Ya kwanza ni gharama kwa oda. Gawanya matumizi kwa oda, kila wiki, uchore mstari mmoja. Wiki ya kwanza ni shilingi 5,000. Wiki ya nne ni 6,250. Wiki ya nane ni 9,259. Mstari unapanda, na kila mtu anaelewa kwamba oda zinazidi kuwa ghali. Chora pia mstari mnyoofu wa mlalo kwenye 12,000, ambayo ni faida ya oda moja, ili msomaji aone nafasi iliyobaki.

Tatizo la grafu hiyo ni kwamba inatuliza mapema. 9,259 bado iko chini ya 12,000, kwa hiyo mwenye duka atasema bado tuko salama. Hapo ndipo ya pili inapohitajika, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote.

Geuza oda ziwe shilingi. Oda 40 mara 12,000 ni 480,000. Oda 54 ni 648,000. Sasa una vitu viwili vyenye kipimo kimoja, faida ya mauzo na gharama ya tangazo, na vinakaa kwenye mhimili mmoja bila ubishi wowote. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndilo linalobaki mfukoni. Wiki ya kwanza pengo ni 280,000. Wiki ya pili 284,000. Wiki ya tatu 290,000. Kuanzia hapo linaanza kuziba: 276,000, kisha 260,000, 224,000, 186,000, na wiki ya nane 148,000.

Duka limepokea oda nyingi zaidi kuliko wakati wowote, na linabakiwa na karibu nusu ya kile lililobakiwa nacho wiki ya tatu. Grafu ya mihimili miwili ilikuwa inamwambia mwenye duka aongeze bajeti.

Mbinu hii ya kuweka mistari miwili ya kipimo kimoja kwenye mhimili mmoja ni ya kale. Mhandisi wa Scotland, William Playfair, alipochapisha grafu zake za biashara mwaka 1786, mstari wa bidhaa zilizoingia Uingereza na mstari wa zilizotoka vilikuwa vyote kwa pauni, kwenye skeli moja, na nafasi kati ya mistari ilionyesha nani anamdai nani. Makutano ya mistari yake yalikuwa na maana, kwa sababu pauni ni pauni.

## Gharama kwa oda iko chini ya faida, lakini kinachobaki kinapungua. Inakuwaje?

Kwa sababu gharama kwa oda ni wastani wa oda zote, na zile rahisi za mwanzo zinazibeba zile ghali za mwisho.

Angalia nyongeza peke yake. Kutoka wiki ya kwanza hadi ya pili, duka liliongeza 20,000 na kupata oda 2 zaidi, yaani 10,000 kwa kila oda mpya. Hapo bado kuna faida ya 2,000. Kutoka wiki ya tatu hadi ya nne liliongeza 50,000 na kupata oda 3, karibu 16,667 kila moja, na hiyo tayari inazidi 12,000. Kutoka wiki ya saba hadi ya nane liliongeza 50,000 kwa oda 1.

Jambo hili ni la kawaida kwenye matangazo ya mtandaoni. Mfumo huanza na watu walio karibu kununua. Ukiongeza pesa kwa walengwa wale wale, unawaonyesha tangazo watu wasio na haja sana, au walewale mara ya tano. Mtawanyiko wa nukta unalionyesha vizuri: weka matumizi kwenye mhimili wa mlalo, oda kwenye mhimili wa wima, nukta moja kwa kila wiki, na uandike namba ya wiki pembeni ya nukta. Kwenye mfano wetu nukta zinapanda, kisha zinajikunja kuelekea mlalo. Ukitaka kujua kama vitu viwili vinahusiana, hii ndiyo grafu ya swali hilo. Hapa pia kuna mihimili miwili, lakini mmoja ni wa mlalo na mwingine wa wima, na hakuna mistari miwili ya kushindanishwa.

## Kwa hiyo nimwambie mteja apunguze bajeti leo leo?

Mwambie kuna dalili. Usimwambie kuna uthibitisho, kwa sababu oda zinayumba zenyewe hata usipogusa kitu.

Kwa matukio yanayokuja moja moja kama oda, kipimo cha haraka cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha idadi. Duka lenye oda 50 kwa wiki linaweza kupata 43 au 57 bila sababu yoyote, maana kipeuo cha pili cha 50 ni karibu 7. Kwa hiyo ile hesabu ya oda moja kwa 50,000 kati ya wiki ya saba na ya nane, ikisimama peke yake, haina uzito. Usiichore.

Unganisha wiki. Wiki nne za mwanzo zilitumia 970,000 na kuleta oda 175. Wiki nne za mwisho zilitumia 1,690,000 na kuleta oda 209. Nyongeza ya 720,000 imeleta oda 34 zaidi. Ili irudi tu, zilihitajika 60. Tofauti hiyo ni oda 26, na kuyumba kwa kawaida kwenye hesabu ya namna hii ni karibu 20. Ni dalili ya kutosha kuchukua hatua ndogo: rudisha bajeti kwenye 250,000 kwa wiki nne, kisha linganisha. Hiyo inagharimu kidogo kuliko kubishana juu ya grafu.

Msimu nao uutazame. Kama wiki za mwisho ziliangukia muda ambao watu hawanunui mapazia, sehemu ya kushuka huko si kosa la bajeti. Ukiwa na data ya mwaka uliopita, chora mstari wa mwaka huu na wa mwaka jana kwenye mhimili mmoja.

## Lazima nionyeshe oda na matumizi kama yalivyo. Siwezi kuyageuza kuwa shilingi wala uwiano.

Chora grafu mbili, moja juu ya nyingine, zikiwa na wiki zile zile kwenye mhimili wa mlalo. Msomaji ataona kilichotokea wiki ya sita juu na chini kwa kushusha macho, bila mistari kukatana. Kila grafu ianzie sifuri na iwe na kipimo chake kilichoandikwa wazi.

Kwa wanaotumia Python, `twinx()` ndiyo inayoleta mihimili miwili. Iache, tumia hivi:

```python
import matplotlib.pyplot as plt

wiki = [1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8]
matumizi = [200, 220, 250, 300, 340, 400, 450, 500]
oda = [40, 42, 45, 48, 50, 52, 53, 54]

fig, g = plt.subplots(2, 1, sharex=True)
g[0].plot(wiki, matumizi)
g[0].set_title("Matumizi kwa wiki (maelfu ya shilingi)")
g[1].plot(wiki, oda)
g[1].set_title("Oda kwa wiki")
for x in g:
    x.set_ylim(bottom=0)
plt.show()
```

Kwenye Excel au Google Sheets tengeneza grafu mbili za upana mmoja uzipange wima. Si kazi ya dakika tano, lakini ukishaipanga mara moja utaitumia kila wiki.

## Na ile ya kuanza vyote kwenye 100?

Hiyo ni fahirisi, na ni njia halali. Unachukua wiki ya kwanza kuwa 100, kisha kila wiki inayofuata inasomwa kama asilimia ya wiki hiyo. Kwenye jedwali, kama matumizi yako safu ya B kuanzia mstari wa pili, fomula ni hii:

```
=B2/B$2*100
```

Iburute chini, ufanye vivyo hivyo kwa oda. Mwishoni matumizi yatasoma 250 na oda 135. Mistari yote iko kwenye mhimili mmoja, kipimo ni kimoja, na mwachano unaouona ni wa kweli.

Hatari yake iko kwenye wiki unayoiita 100. Ukichagua wiki ya sikukuu ambayo oda zilifurika, kila wiki baada yake itaonekana mbovu. Ukichagua wiki ambayo malipo ya simu yalikwama na oda zikaanguka, kila kitu baada yake kitaonekana ushindi. Mimi hutumia wastani wa wiki nne za mwanzo kuwa 100, na huandika chini ya grafu msingi umetoka wapi. Fahirisi pia haisemi chochote kuhusu ukubwa. Mstari uliofika 300 unaweza kuwa umetoka oda 2 kwenda oda 6.

Google Trends inawakamata wengi kwa mlango huu huu. Namba zake za 0 hadi 100 hupimwa dhidi ya kilele cha kile ulichokitafuta kwa wakati huo. Ukipakua "mapazia" peke yake, kisha "mashuka" peke yake, ukaziweka grafu moja, kila moja ina 100 yake na huwezi kuzilinganisha. Ziweke pamoja kwenye utafutaji mmoja ndipo zipimwe kwa kilele kimoja.

## Nikitumia pau kwa matumizi na mstari kwa oda, je?

Mihimili ni ile ile miwili, umebadilisha mavazi tu. Pau kidogo zinasaidia jicho kutenganisha vitu, lakini mstari bado unaelea mahali ulipoamua wewe, na msomaji bado ataona mstari "ukitoka juu ya pau" na kudhani ni habari.

Pau zina sharti lake pia. Zianzie sifuri siku zote, kwa sababu tunazisoma kwa urefu. Oda zikitoka 48 hadi 54 na mhimili ukaanzia 45, pau ya pili itakuwa ndefu mara tatu ya ya kwanza, wakati ongezeko lenyewe ni asilimia 12.5. Mstari unaweza kuanzia juu ya sifuri pale mabadiliko madogo yana maana, mradi ni mstari mmoja na umeandika mhimili unaanzia wapi.

## Kuna wakati wowote mihimili miwili inafaa?

Upo: pale mihimili hiyo ni kipimo kimoja kilichoandikwa kwa lugha mbili. Nyuzi za selsiasi na farenhaiti ni mfano wa vitabuni. Hapo unachora mstari mmoja tu, na namba za kulia ni tafsiri ya namba za kushoto.

Kwenye matangazo watu hujaribu hivyo kwa dola na shilingi, na hapa pana shimo. Tafsiri hiyo ni sahihi tu kama kiwango cha kubadilisha fedha hakikusogea katika kipindi chote cha grafu. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Mtangazaji wa Nairobi aliyekuwa akilipa dola, akichora gharama ya mbofyo mmoja kwa shilingi, angeona imeshuka karibu asilimia 20 bila mtu yeyote kugusa tangazo. Akichora kwa dola angeona mstari mnyoofu. Grafu zote mbili ni za kweli, lakini zinajibu maswali tofauti: ya shilingi inamhusu anayelipa, ya dola inamhusu anayepima kazi ya tangazo. Chora zote mbili kando kando, na ya kiwango cha dola chini yake.

## Mfumo wenyewe wa matangazo ndio unaonichorea mistari miwili. Nifanyeje?

Ukurasa wa muhtasari wa Google Ads huchora vipimo viwili au zaidi kwenye grafu moja, kila kimoja kikitanuliwa kwa skeli yake. Kwa mtu anayekagua kila siku kama kuna kitu kimekatika ghafla, haina shida, kwa sababu anatafuta tukio na halinganishi chochote. Shida huanza pale picha ya skrini inapobandikwa kwenye ripoti. Usiibandike. Pakua data, uchore mwenyewe.

Kama ripoti iko Looker Studio au Excel na umeikuta tayari, tafuta mpangilio wa mhimili wa pili. Kwenye Excel unabofya mstari kwa kitufe cha kulia, unafungua `Format Data Series`, na kuchagua `Primary Axis` badala ya `Secondary Axis`. Mara nyingi mstari wa oda utajilaza chini kabisa, kwa sababu 54 si kitu mbele ya 500,000. Watu wakiona hivyo hushtuka na kurudisha mhimili wa pili. Usirudishe. Kulala kule kunakwambia kwamba vitu hivi havikupaswa kukaa pamoja.

## Mstari wangu wa oda hushuka kila mwisho wa ripoti. Ni grafu mbaya au biashara mbaya?

Angalia kwanza kama siku zimetimia. Ukichora Alhamisi, wiki ya mwisho ina siku chache na lazima ionekane imeporomoka.

Halafu kuna ucheleweshaji. Google Ads, kwa kawaida, huihesabu oda kwenye siku ambayo mtu alibofya tangazo, hata kama amenunua siku kumi baadaye, na muda wa kawaida wa kuhesabu oda baada ya mbofyo, unaoitwa dirisha, ni siku 30. Maana yake siku za karibuni bado zinajazwa. Gharama yao imeshaandikwa yote, oda zao bado. Ukizigawanya utapata gharama kwa oda inayopaa kila mwisho wa mstari, na wiki ijayo itakuwa imeshuka yenyewe. Chora sehemu hiyo kwa nukta nukta, au ikate kabisa. Pima ucheleweshaji wako: pakua data ile ile leo na baada ya wiki mbili, uone siku zipi zimebadilika.

## Kulikuwa na mabadiliko ya jinsi mfumo unavyohesabu. Niunganishe mstari tu?

Usiuunganishe kimya kimya. Mfano unaowagusa wengi ni wa Facebook na Instagram. Januari 2021 dirisha la kawaida la kuhesabu matokeo lilipunguzwa kutoka siku 28 baada ya mbofyo hadi siku 7, na Aprili mwaka huo Apple ikaanza kuzitaka programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji wa aifoni. Grafu ya miaka mingi inayopita hapo bila alama itaonyesha kushuka ambako sehemu yake ni kuhesabiwa kidogo, wala si kuuza kidogo. Weka mstari wa wima kwenye tarehe, andika kilichobadilika, na ukate mstari wa data uwe vipande viwili.

## Mkurugenzi anataka grafu moja tu, na ameizoea ya mihimili miwili. Nimwambieje?

Usianze na nadharia. Mpelekee grafu tatu kama zile za jibu la pili hapo juu, zenye vilele vitatu tofauti, kutoka kwenye data yake mwenyewe. Mwambie, "Mheshimiwa, hizi ni namba zetu za mwezi huu, zote ni sahihi. Naomba utuchagulie ipi tuiamini." Hajawahi kutokea mtu akaendelea kuitetea baada ya hapo, angalau kwangu. Kisha mpe ile ya faida na gharama kwa shilingi, yenye pengo katikati. Ni grafu moja, kama alivyotaka, na anayesimamia pesa huisoma haraka kuliko mtu mwingine yeyote ofisini.

## Nimeshatuma ripoti za miezi kadhaa zenye mihimili miwili. Niseme au nikae kimya?

Sema. Mimi nilifanya hivyo kwa mteja niliyekuwa nimemtumia grafu hizo karibu nusu mwaka, na haikuwa rahisi. Nilimwandikia kwamba namba zote zilikuwa sahihi, lakini mchoro ulifanya oda na matumizi yaonekane yanakwenda pamoja wakati hayakuwa hivyo. Nilimwekea grafu mpya ya kipindi chote kilekile, na nikaeleza ni uamuzi upi wa bajeti huenda ulifanywa kwa kuitegemea ile ya zamani. Hilo la mwisho ndilo lililomsaidia. Aliniuliza ni wiki gani pengo lilikuwa pana zaidi, nikamwonyesha, akarudisha bajeti ya wiki hiyo siku hiyo hiyo.